Kiti kimesimama, macho bado yanakimbia: mwongozo kamili wa kupima mifereji nusu duara kwa kiti cha kuzunguka

Mtu aliyezungushwa kwenye kiti huku amefumba macho, kiti kikasimama ghafla, huhisi anazunguka upande wa pili. Akifumbua macho, anaona chumba kinamkimbia, na aliye mbele yake huona mboni zake zikichezacheza: zinateleza polepole upande mmoja, zinaruka kurudi, zinateleza tena. Watu husema ubongo umechanganyikiwa. Mimi nasema ubongo umepokea taarifa sahihi kabisa kutoka kwenye kifaa ambacho hakikuumbwa kupima mzunguko wa muda mrefu. Kifaa hicho hupima badiliko la mwendo. Ukilishika hilo, utaweza kutabiri macho yatakwenda upande gani, yatacheza kwa muda gani, mkono utakosea wapi na mwili utaangukia wapi, hata kabla ya kiti kuguswa.

Mwongozo huu unafuata jaribio moja tu, lile ambalo daktari Robert Bárány alilifanya la kawaida kliniki mjini Vienna mwanzoni mwa karne ya 20: mizunguko 10 kwa sekunde 20, kisha kusimama. Unahitaji kiti cha ofisi kinachozunguka vizuri, saa ya kuhesabu sekunde, simu yenye kamera na watu wawili. Atakayezungushwa nitamwita mkaaji, na anayemzungusha nitamwita mwangalizi.

Kilichomo ndani ya sikio

Ndani ya mfupa wa fuvu, nyuma ya sehemu inayosikia sauti, kila sikio lina mifereji mitatu iliyopinda, ndiyo mifereji nusu duara. Imepangwa karibu pembe mraba kila mmoja kwa mwenzake, ili kichwa kikigeuka upande wowote pawe na mfereji angalau mmoja unaohisi. Jaribio letu linahusu mfereji mmoja katika kila sikio, ule wa mlalo, unaohisi kichwa kinapogeuka kulia na kushoto.

Mfereji wenyewe ni mdogo sana. Duara lake lina nusu kipenyo cha takriban milimita 3, na mrija laini uliomo ndani yake una upana wa sehemu ya milimita tu. Umejaa majimaji yanayoitwa endolimfu. Mahali pamoja mrija umevimba, na uvimbe huo unaitwa ampula. Ndani ya ampula kuna kiwambo laini kama jeli, kupula, kinachoziba njia kuanzia ukuta hadi ukuta. Chini ya kupula zimekaa seli zenye vinyweleo, na vinyweleo vyake vimezama ndani ya ile jeli.

Chukua bakuli la maji ulizungushe ghafla: bakuli linaondoka, maji yanabaki nyuma kwanza. Endolimfu hufanya vivyo hivyo. Kichwa kikianza kugeuka kulia, ukuta wa mfereji unakwenda na kichwa, majimaji yanachelewa, na kule kuchelewa kunaisukuma kupula. Vinyweleo vinapinda. Vikipinda upande mmoja, neva huongeza mapigo yake. Vikipinda upande wa pili, huyapunguza.

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi hulipita haraka, nalo ndilo linalofanya mfumo mzima uwezekane. Neva ya mizani, ile inayopeleka ubongoni taarifa za mifereji hii, hainyamazi kichwa kikiwa kimetulia. Katika kima waliochunguzwa maabara, kila uzi wa neva hupiga takriban mara 90 kwa sekunde bila kichwa kusogea hata kidogo. Kwa hiyo kila sikio linaweza kusema "naongeza" au "napunguza". Ukigeuka kulia, sikio la kulia linapanda juu ya kiwango chake cha mapumziko na la kushoto linashuka. Shina la ubongo linalinganisha pande mbili, na tofauti iliyopo baina yao ndiyo kasi ya kugeuka. Pande mbili zikiwa sawa, umetulia.

Basi kumbuka hili mbele ya kiti: kizunguzungu ni tofauti kati ya sikio la kulia na la kushoto, iwe imeletwa na kiti au na ugonjwa.

Kwa nini macho yanahusika

Ungetarajia taarifa ya mizani iende kwanza kwenye miguu. Inakwenda huko pia, lakini njia ya haraka kuliko zote inaelekea kwenye misuli ya macho. Ni mlolongo wa neva tatu tu: kutoka sikioni hadi kwenye viini vya mizani, yaani vikundi vya seli za neva katika shina la ubongo, kutoka hapo hadi kwenye kiini kinachotawala misuli ya jicho, kisha hadi kwenye msuli wenyewe. Tangu kichwa kianze kugeuka hadi macho yaanze kufidia, haipiti hata sehemu ya mia moja ya sekunde. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haiwezi kufanya kazi kwa kasi hiyo. Kuona mwendo na kuufuata kwa macho huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde.

Lengo ni picha isitikisike. Kichwa kikigeuka kulia, macho yanateleza kushoto kwa kasi inayokaribiana na ya kichwa, na kile unachokitazama kinabaki mahali pake. Hakikisha sasa hivi: shika maandishi haya mbele yako, utikise kichwa kulia na kushoto huku ukisoma. Utasoma. Kisha tuliza kichwa, uyatikise maandishi kwa mwendo uleule. Yatakuwa ukungu.

Lakini jicho lina mwisho wake. Kichwa kikiendelea kuzunguka kulia, macho yanayoteleza kushoto yatafika ukingoni. Kabla hayajafika, shina la ubongo linayarusha kulia kwa mruko wa haraka, kisha yanaanza kuteleza tena. Mteleko wa polepole, mruko wa haraka, mteleko, mruko. Huo ndio mchezo wa macho ambao madaktari huuita nistagmasi. Kwa desturi hupewa jina la upande wa mruko wa haraka kwa sababu ndio unaoonekana kirahisi, ingawa kinachotoka sikioni ni ule mteleko wa polepole. Wanafunzi wengi hupotea hapa. Mruko ni ukarabati wa ubongo. Mteleko ndio sauti ya sikio.

Kuandaa jaribio

Asikae kitini mtu mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo, maumivu ya shingo au mgongo, mjamzito, aliyegongwa kichwa karibuni, au mwenye ugonjwa wowote wa kizunguzungu. Mkaaji awe hajala kwa saa mbili hivi. Weka ndoo karibu. Kichefuchefu si jambo la kuonea aibu: viini vya mizani vimeunganika na sehemu za shina la ubongo zinazoamsha kutapika, na watu hutofautiana sana katika hilo.

Magurudumu ya kiti yafungwe au yazuiwe, kiti kizunguke mahali pamoja bila kusafiri. Mkaaji aweke miguu juu ya ubao wa kiti au aikunje isiguse sakafu, mikono ashike kingo za kiti. Ondoa meza na kila chenye pembe.

Kisha panga kichwa. Mtu akikaa wima, mfereji wa mlalo hauko mlalo kweli. Mbele yake umeinuka kwa takriban nyuzi 30. Ili uwe sambamba na sakafu, kichwa kiinamishwe mbele nyuzi hizohizo. Njia rahisi: mkaaji ainamishe kichwa hadi pua na macho vielekee sakafuni mita 2 mbele yake, halafu afumbe macho na kubaki hivyo. Ukilipuuza hili, mifereji ya wima nayo itaingia katika mchezo, na macho yatajizungusha kidogo badala ya kwenda kulia na kushoto tu, ukashindwa kujua unaona nini.

Macho yawe yamefumbwa wakati wote wa kuzunguka. Yakiwa wazi, chumba kinachopita mbele yake kitaanzisha nistagmasi yake chenyewe kupitia retina, kama inavyomtokea abiria anayetazama nguzo zikipita dirishani. Utakuwa umepima vitu viwili kwa mpigo.

Kuzungusha, na hesabu ya kinachotokea

Mwangalizi aanze kuzungusha kiti kuelekea kulia kwa mkaaji, mzunguko mmoja kila sekunde 2, akihesabu kwa sauti na saa. Mizunguko 10 itachukua sekunde 20. Kasi hiyo ni nyuzi 180 kwa sekunde. Sukuma kwa mkono laini na mfululizo. Kila msukumo wa ghafla ni badiliko la mwendo, na sikio litalisajili.

Mwambie mkaaji aseme kwa sauti anahisi kasi gani. Sekunde za kwanza atasema anazunguka kasi kulia. Baadaye atasema kiti kinapungua. Kiti hakijapungua. Kinachopungua ni taarifa.

Sababu ni hii. Majimaji yaliyobaki nyuma mwanzoni hukokotwa na kuta za mrija mwembamba, na baada ya muda yanakwenda pamoja na mfereji. Hakuna tena kinachoisukuma kupula, nayo ina unyumbufu, kwa hiyo inarudi katikati. Peke yake ingerudi haraka, ndani ya sekunde 5 hivi sehemu kubwa ya ishara ingekuwa imekwisha. Lakini viini vya mizani vina sakiti ya neva inayoihifadhi ishara hiyo na kuirefusha, hadi inafifia kwa kasi ndogo zaidi, kana kwamba kupula ilihitaji sekunde 15 badala ya 5. Kwa hesabu ya mkono tunaweza kutumia kanuni moja: kila sekunde 10, hisia ya kuzunguka hubaki nusu.

Tuifuate kitini. Mwanzoni mkaaji anahisi nyuzi 180 kwa sekunde kulia. Baada ya sekunde 10, anahisi 90 hivi. Baada ya sekunde 20, anahisi 45, ilhali kiti bado kinazunguka kwa 180 zilezile.

Sasa mwangalizi asimamishe kiti, kwa sekunde 1 au 2, kwa mikono miwili, bila kukigonga. Kwa mfereji, kusimama kutoka nyuzi 180 kulia ni sawa kabisa na kuanza kuzunguka nyuzi 180 kushoto. Majimaji yaliyokuwa yamezoea kwenda kulia yanaendelea kulia, kuta zimesimama, kupula inasukumwa upande wa pili. Toa 180 kutoka kwenye zile 45 zilizobaki: ubongo unaambiwa mwili unazunguka kushoto kwa nyuzi 135 kwa sekunde. Mtu ametulia kama jiwe, na sikio lake linaapa kwamba anazunguka.

Baada ya sekunde 10 hisia hiyo itakuwa 67 hivi, baada ya 20 itakuwa 34, baada ya 30 itakuwa 17, baada ya 40 itakuwa 8. Hayo ni makadirio ya mtu wa kawaida aliye gizani. Kila mtu ana kasi yake ya kufifia, na mteleko halisi wa macho huwa pungufu ya tarakimu hizi kwa sababu macho hayafidii mzunguko kwa asilimia 100 gizani. Lakini umbo la jambo ni hilo.

Hesabu hiyohiyo inakueleza kitu ambacho wengi hawakitegemei. Ukizungusha kwa dakika nzima badala ya sekunde 20, hisia ya kuzunguka itakuwa imekufa kabla hujasimamisha kiti, na mkaaji aliyefumba macho ataapa kwamba ametulia. Ukisimamisha hapo, hakuna cha kutoa. Anapokea zile nyuzi 180 zote kushoto. Ndiyo maana kuzunguka kwa muda mrefu kunaumiza zaidi ukisimama kuliko ukiwa unazunguka. Rubani aliye ndani ya wingu, ndege ikigeuka polepole kwa muda mrefu, hufikia hatua hiyohiyo: hisia ya kugeuka imekwisha, na akiinyoosha ndege, mwili unamwambia sasa ndiyo anageuka upande wa pili. Asipoamini vyombo vyake, huirudisha ndege kwenye kona iliyokuwa ikimpeleka chini.

Kutazama macho

Kiti kikisimama tu, saa ianze. Mkaaji abaki na kichwa palepale kilipoinama. Mwangalizi apige goti mbele yake, amwambie afumbue macho na kutazama mbele bila kukaza kitu chochote. Rekodi kwa simu, kwa mwendo wa kupunguza kasi kama simu inao, ukiwa karibu kiasi kwamba macho mawili yanajaza picha.

Mkaaji aliyezungushwa kulia, macho yake yatateleza polepole kulia na kuruka haraka kushoto. Ni kushoto kwa mkaaji, yaani kulia kwako wewe unayemtazama. Andika daima kwa upande wa mkaaji. Mtu akikwambia ameona "kinyume na kitabu", mara nyingi amesahau hilo tu.

Mkaaji atakwambia chumba kinakimbilia kushoto, na hapa kuna swali zuri: macho yanakwenda na kurudi, mbona chumba kinaonekana kwenda upande mmoja tu? Kwa sababu wakati wa mruko wa haraka ubongo huzima sehemu kubwa ya uoni. Unaoonwa ni mteleko. Macho yakiteleza kulia, picha ya chumba inahamia kushoto, kisha mruko usioonekana, kisha inahamia kushoto tena.

Mwambie atazame kushoto kidogo, upande wa mruko. Mchezo utaongezeka. Mwambie atazame kulia. Utapungua, pengine upotee. Hii ni tabia ya nistagmasi inayotokana na tofauti baina ya masikio, na daktari huitumia kwa wagonjwa.

Pima muda hadi mruko wa mwisho unaoweza kuuona. Kwa mizunguko 10 ya namna hii, watu wengi wazima huangukia kati ya sekunde 15 na 40. Mbona muda huo ni mfupi kuliko hesabu yetu, inayoonyesha bado kuna nyuzi 8 baada ya sekunde 40? Kwa sababu chumba kina mwanga. Macho yakipata kitu cha kukitazama, serebelamu, ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma chini, huutumia uoni kuuzima mteleko. Inaweza mteleko mdogo kwa urahisi, mkubwa kwa shida. Ndiyo maana kliniki humvisha mgonjwa miwani yenye lenzi nene za diopta 20 hivi: chumba chote kinakuwa ukungu, hana cha kukaza macho, na daktari huyaona macho yamekuzwa. Hata Bárány alikuwa akitumia miwani ya kuzuia macho yasikaze kitu.

Nyumbani bila miwani hiyo, njia ninayoipenda ni hii: mkaaji abaki amefumba macho baada ya kiti kusimama, nawe utazame kope zake kwa taa ya pembeni. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, imebenuka, na mbenuko wake utauona ukitembea chini ya kope. Muda utakaoupata hivyo mara nyingi utakuwa mrefu kuliko ule wa macho wazi.

Majaribio mawili ya kuzima kizunguzungu

Baada ya dakika 5 au zaidi, rudia mzunguko uleule, lakini kiti kikisimama mkaaji akaze macho kwenye kidole gumba chake mwenyewe alichokinyoosha mbele. Linganisha muda. Utapungua waziwazi. Umeona serebelamu ikifanya kazi. Mtu ambaye hawezi kabisa kupunguza nistagmasi kwa kukaza macho, daktari huacha kulishuku sikio na kuanza kuushuku ubongo.

Pumzika tena. Mara hii kiti kikisimama, mkaaji ainamishe kichwa mbele zaidi, kidevu kielekee kifuani, na kukiacha huko. Kwa watu wengi mzunguko hufa upesi. Hapa kifaa kingine cha sikio kimeingilia. Karibu na mifereji kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya kalisi, navyo huhisi mvuto wa dunia. Kama kweli mwili ungekuwa unazunguka huku kichwa kimebadili mkao, vijiwe vingehisi mvuto ukibadili upande mfululizo. Havihisi hivyo. Ubongo unapata mashahidi wawili wasiokubaliana, na ile sakiti iliyokuwa ikiihifadhi ishara huimwaga. Kinachobaki ni kile cha kupula peke yake, nacho ni kifupi.

Kuna jambo moja ninaloomba usilijaribu kwa udadisi: kuzungusha mtu akiwa amelaza kichwa begani au amekiinamisha hadi magotini, kisha kumwambia ainue kichwa mara kiti kinaposimama. Ukimzungusha hivyo, mifereji ya wima ndiyo inayosukumwa. Akiinua kichwa, mzunguko ambao majimaji yake yanaukumbuka unahamia na kichwa, na kile kilichokuwa mzunguko wa mlalo kinageuka kuwa kuanguka ubavuni au kichwakichwa. Mwili hujibu kwa nguvu kuzuia mwanguko usiokuwepo, na mtu hujitupa kutoka kitini. Kumzuia mtu mzima anayejitupa hivyo ni vigumu.

Mkono na miguu

Fanya hili ukiwa na nafasi. Kabla ya kuzungusha, mkaaji anyooshe mkono mbele, aguse kidole chako, afumbe macho, ainue mkono juu, aushushe tena hadi kwenye kidole. Atapata. Zungusha kulia, simamisha, mwambie arudie. Mkono utashukia kulia kwa kidole chako. Ukimsimamisha wima huku umemshika mabegani, ataegemea kulia. Anahisi anabebwa kushoto, mwili unajisahihisha kulia. Utelezi wa macho, mkono uliokosea na mwanguko vyote ni kulia. Mruko wa haraka na hisia ya kuzunguka ni kushoto. Kwa mtu mzima kiafya vinapangika hivi kila mara. Zungusha kushoto na vyote vitageuka.

Pale jaribio linapokataa

Ukiona muda unapungua kila unaporudia, si kosa la kipimo. Ubongo huzoea, na huzoea haraka. Wacheza dansi ya baleti na wanaozunguka juu ya barafu wamezoeshwa kwa miaka. Wacheza baleti wana mbinu nyingine pia, kukiacha kichwa kikitazama nukta moja huku mwili unageuka, kisha kukigeuza kwa mruko mmoja hadi kwenye nukta ileile. Kwa namna hiyo kila msukumo wa majimaji unafuatwa papo hapo na msukumo wa kinyume, na hakuna mzunguko mrefu unaokusanyika. Usitumie mtu wa namna hiyo kama kipimo cha kawaida. Na kwa yeyote, badilisha upande kila zamu na umpe mapumziko.

Ukiona macho hayachezi kabisa ilhali mkaaji anasema anazunguka, kuna uwezekano amekaza macho kwenye kitufe cha shati lako. Sababu nyingine ni usingizi au uchovu: mtu aliyezubaa, miruko yake hupotea. Wapimaji humpa hesabu ya kichwani, kwa mfano kutoa 7 kutoka 200 kwenda chini, na macho huamka.

Ukipata sekunde 30 ulipomzungusha kulia na 22 ulipomzungusha kushoto, usitangaze ugonjwa. Mkono wako haukusukuma sawasawa. Na hata tofauti ingekuwa kubwa, kiti hakiwezi kusema kwa uhakika ni sikio lipi, kwa kuwa huzungusha yote mawili pamoja. Udhaifu huu ndio unaokipa thamani kipimo kingine cha Bárány. Alipokuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, mmoja alilalamika kwamba maji ya baridi yanamtia kizunguzungu, na yalipopashwa moto kupita kiasi kizunguzungu kilirudi, macho yakicheza upande wa pili. Bárány alitambua kwamba joto na baridi huusukuma umajimaji wa mfereji wa sikio moja peke yake. Hadi leo kliniki hutumia maji ya nyuzi 30 na 44 za Selsiasi, saba chini na saba juu ya joto la mwili: ya baridi hupeleka mruko upande wa sikio la pili, ya moto upande wa sikio lililotiwa maji. Kazi yake juu ya mfumo wa mizani ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1914, na habari ilipomfikia alikuwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Kipimo hiki ni cha kliniki peke yake. Maji katika sikio lenye ngoma iliyotoboka huleta madhara.

Nistagmasi isiyotoka kitini

Baada ya kuona ya kiti, utaitambua ile isiyo ya kawaida. Ya kiti hufifia ndani ya dakika, huenda kulia na kushoto, hupungua kwa kukaza macho. Mtu akipata kizunguzungu cha sekunde chache kila anapogeuka kitandani au kuangalia juu, macho yakijizungusha kwa muda mfupi kisha kutulia, mara nyingi ni vijiwe vya kalisi vilivyochomoka kwenye kifuko chake na kuingia mferejini. Daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kuvirudisha kwa kukigeuza kichwa katika mfuatano maalumu, mara nyingi siku hiyohiyo. Kizunguzungu kinachokaa saa au siku nzima bila kiti maana yake sikio moja linatuma mapigo machache kuliko mwenzake, au tatizo liko ubongoni.

Cha kupelekwa hospitali bila kusubiri ni kizunguzungu kinachoandamana na kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, udhaifu au ganzi ya upande mmoja, maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, au kushindwa kabisa kusimama. Hivyohivyo macho yanayoruka juu na chini, au yanayobadili upande wa mruko kila mgonjwa anapobadili upande wa kutazama.

Shambulio likija nyumbani nalo halina dalili hizo, fanya kile ulichojifunza kitini. Rekodi macho kwa simu yakiwa wazi kwa sekunde 30, mgonjwa akitazama mbele, kisha kulia, kisha kushoto, na useme kwa sauti ndani ya rekodi ni upande gani na amelala au ameketi vipi. Wagonjwa wengi hufika kliniki shambulio likiwa limepita na macho yametulia, na daktari hana cha kutazama isipokuwa rekodi hiyo.